Mayai ya Siku ya Kumi na Tisa

Bosi hakumzungusha. Alimwambia Redio, dada wa mauzo, mbele ya mhasibu na mfagizi: "Alhamisi usipouza, Ijumaa usije." Mfagizi aliinama akajifanya anaokota kitu.

Miezi minne ilikuwa imepita bila Redio kuuza hata kengele moja, na hilo alilijua kuliko wote. Jina hilo alipewa na dada yake utotoni, kwa vile hakuwa na kitufe cha kuzimia, na ofisini wakalipokea kwa mikono miwili. Ila jamani, mdomo wote ule haukumsaidia kitu. Mbele ya wanunuzi alimwaga maneno mpaka wakatamani mwavuli. Walimshukuru sana, wakachukua kadi yake, wakapotea moja kwa moja.

Bidhaa haikuwa na kasoro. Ni kidude kidogo unachokibandika ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga, kinapima joto usiku na mchana. Joto likipanda au kushuka nusu nyuzi tu kwa dakika tano, kinapiga ukelele pale pale na kutuma ujumbe kwenye simu za watu watatu. Kisipojibiwa, kinapiga simu. Hakichoki wala hakiendi kunywa chai.

"Tatizo lako," Bosi alimwambia siku ya Jumanne, akiwa amekalia meza yake kama aliyekuja kuinunua, "unawasimulia watu habari za wateja kumi na mmoja. Slaidi thelathini, asilimia juu ya asilimia. Wakitoka nje, nani atamkumbuka hata mmoja? Chagua mmoja tu. Afanane na anayekusikiliza. Awe na kitu cha kupoteza, na tukione kikimponyoka. Halafu aamue jambo. Mwisho unipe matokeo, namba ambayo mtu akiuliza inathibitika. Na shujaa ni mteja, usiniwekee kengele yetu mbele ukaipigia debe toka mwanzo."

Wakaanza kuchambua. Kiwanda cha maziwa chenye matawi kumi na manne? "Walikuwa salama, wakanunua, wakaendelea kuwa salama," Bosi alisema. "Hapo pana usingizi tu." Duka la dawa lililosema tangu lifunge kengele limepata amani? "Amani unaipima kwa mizani gani?" Mzee wa samaki wa barafu? Hadithi nzuri, ila watakaosikiliza Alhamisi ni watu wa kuku, barafu watafanyia nini.

Akabaki Mama Vifaranga.

Redio alitamani ukurasa wa mama huyo kwenye faili uwe umenyofoka. Mama Vifaranga alikuwa na mashine sita za kutotolesha. Jumapili moja alasiri feni ya mashine ya tatu ilisimama. Ndani yake mlikuwa na mayai elfu tisa na mia sita, yakiwa na siku ya kumi na tisa, mbili tu kabla ya kuanguliwa. Watu wengi hudhani adui wa yai ni baridi. Yai la siku ya kumi na tisa lina kifaranga mzima ndani, naye anatoa joto lake mwenyewe. Feni ikisimama, joto halina pa kwenda. Mpaka mtu anafungua mlango, kipimo kilisoma nyuzi arobaini na mbili, na hakuna yai hata moja lililokuwa hai. Baada ya hapo Mama akafunga kengele. Miezi kumi tangu siku hiyo, feni zimesimama mara mbili, na mara zote mbili mtu alifika ndani ya dakika nane. Hakupoteza tena hata trei moja.

"Ebo!" Bosi alipiga paja. "Wewe ulikuwa umeificha hii uvunguni? Hasara ipo, woga upo, uamuzi upo, namba ipo. Unangoja nini?"

"Yule mhudumu aliyekuwa zamu siku hiyo," Redio alisema, "ni shemeji yangu. Mume wa dada yangu."

"Jina lake limo kwenye hadithi?"

"Halimo."

"Basi hayumo."

Kuna mengine ambayo Redio hakumwambia. Shemeji alifukuzwa Jumatatu ile ile, akakaa bila kazi karibu miezi tisa, na nyumba nzima, Redio akiwa ndani yake, ikawa inategemea mshahara wa Redio ambao nao ulikuwa unaning'inia. Kila kampuni ya kuku iliyosikia ametoka kwa Mama Vifaranga ilimfungia mlango. Wiki sita zilizopita alipata kibarua cha kuosha trei kwenye kampuni kubwa yenye mashine arobaini, kwa sababu hakuwaambia alikotoka. Bado alikuwa kwenye majaribio. Na ni yeye, kwa mdomo wake, aliyemletea Redio habari mezani: "Shem, Meneja wetu anatafuta kengele za joto. Jumapili zinamtia homa yule bwana, watu huwa wachache. Nenda kajaribu bahati yako. Ila tafadhali, ukifika pale hunijui, sikujui."

"Mimi tena, shem?" Redio alimjibu. "Nitakula kiapo." Akala na nyama ya mwisho iliyokuwa kwenye bakuli.

Kwa hiyo kampuni ya Alhamisi ilikuwa hiyo hiyo. Redio alijipa moyo kwamba waosha trei hawaitwi kwenye vikao. Mtu akiwa na shida hujiongopea vizuri kuliko anavyowaongopea wengine.

Jumatano walifanya mazoezi mara saba. Bosi alishika kalamu nyekundu, Redio akasoma. Alipofika kwenye sentensi yake ya tatu, "mhudumu alipigiwa simu kwamba mtoto wake ameshikwa na degedege, akakimbia nyumbani," kalamu ikashuka.

"Huyu mtoto anatoka."

"Lakini ndiyo ilivyokuwa, Bosi."

"Ukimweka mtoto, chumba kizima kitamfuata yeye hospitali, na mayai yatabaki peke yake. Wataanza kuuliza alipona au hakupona."

"Alipona."

"Sikukuuliza."

Simu ile Jumapili ile aliipiga Redio mwenyewe. Dada alikuwa sokoni, yeye alikuwa amebaki na mtoto, na mtoto alipoanza kukakamaa na kutoa mapovu, Redio alipiga kelele kwenye simu mpaka sauti ikakauka: "Shem, njoo, anakufa!" Shemeji aliacha zamu akaja mbio, akambeba binti yake begani mpaka zahanati. Alimpigia mwenzake aje amshikie zamu, mwenzake hakupokea. Alikaa nje kwa muda wa saa mbili na nusu tu.

"Basi niseme aliondoka kwa nini?" aliuliza.

"Useme aliondoka. Nukta. Kila meneja ana mtu wa namna hiyo, kila mmoja atamweka wake hapo. Na ukimaliza, toa simu uiweke mezani: msiniamini mimi, mpigieni mwenyewe. Hapo ndipo mauzo yanapopatikana. Mama Vifaranga amekubali?"

Mama alikuwa amekubali kwa maandishi, tena kwa furaha, hadithi yake itumike na simu yake ipigwe. Shemeji hakuulizwa na mtu. Karatasi ya ridhaa ilikuwa na nafasi ya saini ya mteja tu.

Usiku ule mezani Shemeji alimtakia kila la heri na kumwambia avae viatu vya chini, kwa sababu pale mlangoni wageni hukanyaga beseni la dawa. Redio alisema asante, akala haraka, akaenda kulala mapema kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Beseni la dawa lilikuwepo kweli. Alikanyaga, akavalishwa koti jeupe na kofia ya wavu, akapelekwa kwenye chumba cha mikutano chenye dirisha la kioo linaloangalia ukumbi wa mashine. Meneja alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kila swali. Bosi naye alikuja, akakaa kwenye kona na kujifanya hamnazo.

"Nimeona tusizungumze peke yetu," Meneja alisema. "Wanaofanya kazi na mashine ndio watakaobeba hizi kengele. Nimewaita wote."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia: mafundi wawili, wahudumu wa mashine, wapanga mayai, na nyuma kabisa, mikono ikiwa bado imekunjamana kwa maji, waosha trei. Shemeji alikuwa wa mwisho. Alimwona Redio, akamwangalia kama anavyoangaliwa mgeni yeyote, kisha akasimama kando ya jokofu la maji. Loo! Redio aliinamia kompyuta yake.

Hapo alikuwa na nafasi. Nisimpakazie wala nisimsafishe: nafasi alikuwa nayo. Kwenye kompyuta yake slaidi za kiwanda cha maziwa zilikuwepo, na mzee wa samaki alikuwepo. Angeweza kuzungumza juu ya maziwa, akose mauzo, Ijumaa akae nyumbani. Alimtazama Bosi. Bosi aliangalia saa. Redio akajiambia kwamba jina halimo, sababu haimo, na mwanamume asiye na jina wala sababu anaweza kuwa mtu yeyote. Akaizima projekta.

"Sitawaonyesha slaidi," alisema. "Nitawasimulia Jumapili moja."

Miwani ya Meneja ikasimama mkononi.

Na alisimulia, jamani. Yale maneno yaliyokuwa yakimtoka ovyo siku zote, siku hiyo yalitoka moja moja. Alimweka Mama Vifaranga mbele yao, mjane aliyeanza na mashine moja ya mbao. Akawapa oda ya vifaranga elfu nane kwa wafugaji waliokwisha kujenga mabanda na kuwasha taa za joto. Akawapa siku ya kumi na tisa. "Saa nane mchana," alisema, "mhudumu aliyekuwa zamu akaondoka." Akanyamaza, kama alivyofundishwa, akahesabu moyoni mpaka tatu. Mpanga mayai mmoja aliguna. "Saa nane na robo feni ikasimama. Hakuna aliyejua. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini." Alipofika arobaini na mbili fundi mmoja alikuwa ameshika kichwa. Akawaeleza jinsi Mama alivyofungua mlango, akavunja yai la kwanza, la pili, la ishirini, na ndani ya kila moja kifaranga mwenye manyoya yake yote, amekufa. Jinsi alivyowapigia wafugaji mmoja mmoja. Jinsi alivyokaa juu ya trei akaamua kwamba hatategemea tena macho ya mtu peke yake.

Halafu matokeo. Miezi kumi, feni mbili zimesimama, dakika nane, hakuna kundi lililopotea. Mara ya mwisho, mayai elfu tisa na mia sita yalitoa vifaranga elfu nane na mia moja.

Shemeji alikuwa anaangalia sakafu. Redio alijihisi mwepesi, tena, aibu kusema, aliona fahari. Akaitoa simu.

"Msiniamini mimi," alisema. "Mpigieni mwenyewe."

Wanunuzi wengi hawapigi. Kule kuambiwa tu kunawatosha. Lakini Meneja alifuta miwani, akaivaa, akasema, "Ndiyo. Piga. Weka spika."

Mama Vifaranga alipokea simu kwenye mlio wa kwanza, alikuwa ameisubiri tangu asubuhi. Alithibitisha kila kitu, dakika nane, vifaranga elfu nane na mia moja, na akaongeza sifa ambazo Bosi alizisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na yule mhudumu, mama," Meneja aliuliza kwa upole, "ilikuwaje?"

"Nilimfukuza! Tena nawaambia wenzangu wote wa kazi hii, mkimwona mlangoni msimfungulie." Akamtaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake.

Waosha trei waligeuka kwanza. Kisha wapanga mayai, kisha wote. Meneja hakugeuka haraka. Alifungua daftari la zamu lililokuwa mbele yake, akapitisha kidole, akasimama kwenye mstari mmoja.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, meneja," Shemeji alisema.

"Hukutuambia ulifanya kazi kule."

"Sikuwaambia. Ningewaambia msingenichukua." Alipangusa mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa imekauka zamani. "Siku ile mtoto wangu alishikwa na degedege. Nilipigiwa simu kwamba anakufa. Ndiyo maana niliondoka."

"Visingizio!" simu ilisema mezani. "Miezi kumi hajaacha!"

"Nani alikupigia?" Meneja aliuliza.

Shemeji aliinua macho. Alimwangalia Redio sawasawa, kwa muda ambao ulimtosha Redio kuhesabu tatu zake zote na kuanza upya. Neno moja tu lilitakiwa, na hata halikutakiwa kutoka kwa Shemeji. Redio alikuwa amesimama mbele na ulimi wake mzima.

"Mtu wa nyumbani," Shemeji alisema.

Meneja akamgeukia Redio. "Dada, hadithi yako haikuwa na mtoto. Kulikuwa na mtoto?"

Kwenye kona, Bosi alikohoa kidogo.

"Taarifa hiyo," Redio alisema, "mteja hakunipa."

Ilikuwa kweli, ukiishika kwa ncha. Mteja hakumpa. Meneja alitikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyemaliza kupima, akamwambia Shemeji aache aproni stoo na apite kwa karani achukue malipo ya siku zake. Hakupaza sauti. Alisema anasikitika kuhusu mtoto, kama mtoto yupo, lakini mtu aliyeficha jambo moja ataficha na la pili. Wenzake walioosha naye trei wiki sita walimpisha mlangoni na kubana mabega wasimguse.

Kisha Meneja akaketi na kuagiza kengele arobaini. Alitaka pia Redio arudi mwezi ujao awasimulie wahudumu wa matawi mengine hadithi ile ile. "Ina mafunzo," alisema. "Na sasa ina mwisho wa pili."

Garini Bosi aliimba. Alimpiga Redio bega, akamwambia kuanzia leo hiyo ndiyo hadithi ya kampuni, kila muuzaji ataikariri, na yule jamaa kutokea pale pale ukumbini ilikuwa zawadi kutoka mbinguni. "Ungempanga usingempata!" Redio alicheka. Alijisikia akicheka, akashindwa kunyamaza mpaka walipofika taa nyekundu.

Jioni alikuta wote wamekaa mezani. Shemeji alikuwa amenawa na kubadilisha shati. Mtoto, mwenye miaka sita na meno mawili ya mbele yaliyong'oka, alikuwa anachora. Dada alipakua chakula, akampa Redio sahani iliyojaa kuliko zote. Hapo Redio alijua kwamba hakuna kilichofichwa.

"Nimesikia hadithi yako iliwanogea," Dada alisema.

"Dada, nisikilize..."

"Nitakusikiliza. Simulia."

"Nini?"

"Ulichowasimulia wao. Nataka nikisikie na mimi. Mdogo wangu ameuza kengele arobaini, nisisikie?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba chumvi. "Simulia hapa, mbele ya mwenye nyumba. Vile vile, usiruke kitu."

Redio alimwangalia Shemeji. Shemeji alikuwa anavunja kipande cha mkate vipande vidogo, havili. "Msimulie dada yako," alisema. "Ulisimulia vizuri sana, shem. Kweli kabisa."

Akaanza. Alidhani itamkwama kooni. Masikini, haikumkwama. Mazoezi saba ya Bosi yalikuwa yameshaingia ndani yake, na hadithi ikatoka yenyewe na vituo vyake vyote: mjane, mashine ya mbao, wafugaji na taa zao, siku ya kumi na tisa. Sauti yake ikashuka pale pale ilipotakiwa kushuka. Mtoto aliacha kuchora. Alisogea, akaweka viwiko mezani na mashavu mikononi, macho yamemtoka kwa kunogewa.

"Saa nane mchana," Redio alisema, "mhudumu aliyekuwa zamu akaondoka."

Moja, mbili, tatu.

"Kwa nini aliondoka, mama mdogo?" mtoto aliuliza.

Kijiko cha Dada kilisimama hewani. Alimwangalia Redio bila kupepesa, akisubiri jibu, na mtego huo ndio aliokuwa ameutega tangu jioni. Ila alikuwa hajalifikiria swali lile kutoka kwenye kinywa kile. Redio aliona uso wa dada yake ukibadilika, alipong'amua kuwa jibu la kweli lingemwangukia mtoto.

"Kwa nini?" mtoto alirudia. "Aliwaacha tu vifaranga wafe? Ana roho mbaya?"

Redio alifungua mdomo.

"Mzembe tu, mwanangu," Shemeji alisema. "Alikuwa mtu mzembe. Kula chakula chako."

"Walimpiga?"

"Walimfukuza."

"Afadhali," mtoto alisema, akachukua kijiko chake na kula.